Subirini Tamko Letu

Kazi yangu ni kuisemea hoteli. Ikipata tuzo naisemea, bomba likipasuka naisemea, meneja akifukuzwa naandika kwamba ameamua kutafuta changamoto mpya kwingine. Miaka mingi nimekula kwa maneno yasiyo na mfupa. Kwa hiyo asubuhi ile Meneja aliponipigia kabla sijanawa uso, akaniambia wageni wa sherehe ya jana wamelazwa, jambo la kwanza nililolihisi halikuwa huruma. Lilikuwa uchovu. Nilijiona tayari nimekaa mbele ya kompyuta, nautafutia msiba wa watu wengine sentensi ya kuuvalisha.

Sherehe yenyewe ilikuwa ya kumuaga mwalimu mkuu wa shule ya jirani, aliyestaafu. Ukumbi mdogo, walimu wenzake, ndugu zake, hotuba ndefu kupita kiasi, na meza ya chakula ambayo kila mtu alijipakulia: wali, kuku, saladi, matunda. Walikula usiku, wakaondoka wanaimba. Kabla hakujapambazuka walianza kufika hospitali mmoja mmoja, wanatapika, wengine wamekunjwa na tumbo hadi hawawezi kusimama. Daktari wa zamu aliwauliza wamekula wapi, wote wakataja mahali pamoja. Akaita ofisi ya afya.

Nilipofika, afisa afya alikuwa ameshaingia jikoni na boksi lake la barafu. Mwanamke wa makamo, viatu vya mpira, hana muda wa chai. Alichukua vipande vya sampuli tunazoweka kwenye friji kila tukipika chakula cha sherehe, akachukua maji ya bomba, akapitisha pamba kwenye mbao za kukatia, akaagiza wapishi wote wakapimwe choo. Kisha akafunga jiko. Mpishi mkuu alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, kofia mkononi, anatazama sakafu.

Afisa afya alinivuta pembeni akanipa mipaka yangu kwa lugha nyepesi. Majibu ya maabara yatachukua siku. Mpaka hapo ni tuhuma tu, nisitaje kimelea chochote wala sahani yoyote kana kwamba nimeshaihukumu. Lakini yeye kwa uzoefu wake, akisikia watu wametapika mapema hivyo baada ya kula, anautazama kwanza ule wali: chakula kilichopikwa mapema, kikakaa nje ya friji na nje ya moto. Vipo vijidudu vinavyoacha sumu yake ndani ya chakula, akasema, na sumu hiyo hata ukipasha chakula mpaka kichemke, haitoki. Kisha akaniuliza kama kuna chakula kilichotoka nje ya hoteli.

Kilitoka. Sherehe ilipokwisha, chakula kilikuwa kimebaki kingi, na mke wa mstaafu aliomba wageni wafungiwe wapeleke nyumbani. Kwa kanuni zetu haturuhusu. Lakini nani atamkatalia mama mwenye furaha, amevaa kitenge kipya, anashika mikono ya wahudumu mmoja mmoja? Wakafungiwa kwenye vile vikasha vyeupe vyenye nembo yetu na namba yetu ya simu juu ya kifuniko. Afisa afya alifumba macho kidogo, akasema, basi waambieni wasikile, na waambieni mapema. Nikamjibu kwamba itakuwamo kwenye tamko.

Hapo ndipo nilipopitia mapokezi. Dada wa mapokezi tulikuwa tunamwita Asali, kwa sababu ya sauti. Mgeni aliyekuja kugombana juu ya maji ya moto, akizungumza naye kidogo, alikuwa anaondoka anamshukuru. Simu zilikuwa zimeanza kuingia, waandishi, ndugu za wagonjwa, na wale ambao hawana shida ila wanapenda kujua. Nikamwandikia maneno ya kusema, kama ilivyo desturi yangu, kwenye karatasi ya kunata, nikaibandika pembeni mwa simu: asante sana kwa kutupigia, tunasikitika kwa taarifa hizi, uongozi unalifanyia kazi kwa uzito wake, tafadhali subirini tamko letu, litatoka muda si mrefu. Nikamwambia asiongeze wala asipunguze. Akayasoma mara mbili kwa ile sauti yake, yakawa matamu hadi mimi mwenyewe nikatulia.

Kisha nikaingia kwenye chumba cha mikutano, na sikutoka humo mpaka jua likawa utosini.

Tulikuwa watatu. Meneja, ambaye shati lake lilikuwa limeshalowa mgongoni. Mimi. Na wakili wa hoteli, mzee mwembamba mwenye miwani inayokaa kwenye paji la uso muda wote, tuliyempa jina la Bwana Mkato. Jina lilimfaa pande zote mbili: alipenda kuweka mikato katikati ya sentensi za watu, na alipenda kuzikata. Wa nne alikuwa hewani. Mwenye hoteli alikuwa safarini, akawekwa kwenye simu katikati ya meza, anakohoa na kuuliza kila mara tumefika wapi.

Rasimu yangu ya kwanza ilianza hivi: Uongozi wa hoteli unaomba radhi kwa wageni wetu waliougua.

Bwana Mkato alishusha miwani, akaisoma, akaipandisha. Akachukua kalamu nyekundu na kuzungushia neno moja.

"Radhi hapana," alisema. "Pole. Pole unampa hata aliyejikwaa nje ya geti lako. Radhi anaomba aliyekosa."

Nilimwambia kwamba watu wapo kitandani na mipira ya maji mikononi, na watasoma neno hilo kwa macho yao wenyewe. Akasema anajua, na kwamba mimi nisidhani yeye hana moyo. Mkataba wetu na kampuni ya bima una kipengele: hoteli ikikiri kosa bila idhini yao, wanaweza kukataa kulipa. Wakikataa, huyo mwalimu na wenzake watalipwa gharama zao na nani? Na mpishi mkuu je, kama maabara itasema tatizo ni maji ya mji na si mikono yake, nitamrudishiaje jina lake? Alizungumza polepole, bila kunikaripia, na hilo ndilo lililonichosha zaidi, maana alikuwa na hoja. Mtu mbaya ni rahisi kumchukia ukamaliza.

Tukahamia kwenye neno lingine. Mwenye hoteli hakutaka kusikia habari za sumu. Hapo nilikuwa upande wake. Kwa lugha yetu ukisema watu wamekula sumu, msikilizaji anamtafuta aliyewawekea. Kabla ya jioni mtaa mzima utakuwa umeshamtaja mke mwenza, jirani, au mwalimu aliyenyimwa cheo. Nikaandika "dalili zinazoshukiwa kutokana na chakula". Bwana Mkato akataka "zinazoweza kushukiwa". Nikamuuliza kama kitu kinaweza kushukiwa na bado hakijashukiwa. Alinitazama juu ya meza, akacheka kidogo kwa pua, akaniachia.

Meneja naye akataka tuandike kwamba ni tukio dogo. Nikamwomba aende wodini akawaambie yeye mwenyewe. Mwenye hoteli, kwenye simu, akauliza kama hatuwezi kusema kwamba mtumishi mmoja amesimamishwa kazi, watu wapate mtu wa kumtazama. Kisha Bwana Mkato, huyohuyo wa kukata, akasema kwamba kumsimamisha mtu kabla ya majibu na kumtangaza ni kesi ya pili juu ya ya kwanza, na yeye hana nguvu za kesi mbili. Nilitamani kumnunulia soda.

Ikaja idadi. Hospitali ilikuwa na hesabu yake, Meneja na yake, redio moja mtandaoni na yake iliyokuwa kubwa kupita ukumbi wenyewe. Tukakubaliana tuandike kwamba idadi itatolewa na mamlaka ya afya. Ikaja neno "waathirika", tukaliondoa kwa sababu lina harufu ya mahakama. Tukaweka "wageni wetu". Meneja akauliza, je, ndugu wa mstaafu ambao hawakulipa chochote nao ni wageni wetu? Nikamwambia ndiyo, na aache. Tukarudi kwenye radhi. Nilijaribu "tunasikitika sana". Nilijaribu "tunaguswa". Nilijaribu "tunabeba uchungu wa", Bwana Mkato akauliza, tunaubeba kwa sababu gani kama si wetu?

Aya ya nne haikuwa na ubishi hata kidogo. Ilisema kwamba kwa tahadhari, na bila kuthibitisha chanzo, yeyote aliyebeba chakula kutoka kwenye sherehe ile asikitumie, hata akikipasha moto, na yeyote mwenye dalili aende hospitali mara moja. Nilikuwa nimeiandika asubuhi ile ile, dakika chache baada ya kuagana na afisa afya. Bwana Mkato aliipitia, akaweka alama ya vema pembeni na kusema hiyo haimdhuru mtu, tena mahakama inaipenda. Kisha tukarudi juu kwenye aya ya kwanza, kwa sababu tamko hulifungui kuanzia aya ya nne. Ndivyo tulivyozoea. Tamko linapikwa lote, linapakuliwa lote.

Asali aliingia na birika. Aliweka vikombe, akamimina chai, na alipofika kwangu akainama.

"Dada," alisema kwa sauti ya chini, "wale wanaouliza habari za vikasha, niendelee kuwaambia hivyohivyo?"

Nilimuuliza vikasha gani, ingawa nilijua.

"Vya chakula. Wanapiga kuuliza kama wale au wasile. Nawaambia wasubiri tamko."

Sauti yake ilikuwa ileile. Kwenye simu, mwenye hoteli aliacha kukohoa, sijui kwa kusikia au kwa mtandao kukatika. Nilitazama karatasi yangu iliyojaa wekundu. Nusu siku nzima tulikuwa tumelibishania neno moja, na ile sentensi pekee ambayo mtu aliihitaji kwa tumbo lake ilikuwa imekaa chini, imekubalika tangu asubuhi, inasubiri ndugu zake walio juu wamalize kuvaa.

Niliona aibu. Sitaipamba.

Nikamuuliza Asali waliopiga ni wangapi. Akasema wachache, mashine inaonyesha namba zao. Nikamwomba arudi, asiseme tena maneno yangu, amwambie kila atakayeuliza akitupe chakula hicho na asimpe hata mbwa. Kisha nikaikata aya ya nne kutoka kwenye tamko na kuiweka peke yake kwenye ukurasa mweupe. Meneja akaanza kusema kwamba mwenye hoteli hajaidhinisha. Bwana Mkato akamwekea mkono begani.

"Itoke," alisema. "Hii ilipaswa kutoka asubuhi. Mimi nimeisoma asubuhi." Akavua miwani kabisa, akajisugua macho. Alionekana mzee sana.

Ikatoka. Nilimpelekea afisa afya, redio, magazeti, na mwalimu wa zamu pale shuleni ambaye aliirusha kwenye kundi la walimu. Nikaiweka kwenye kurasa zetu bila nembo wala salamu. Afisa afya alinijibu kwa neno moja, asante, na nililisoma kama lilivyokuwa: asante ya mtu aliyekuwa anasubiri tangu jua linachomoza.

Kisha nikakaa na Asali mapokezi, tukaanza kuwapigia waliokuwa wametupigia. Wa kwanza, baba mmoja, alisema alikitupa bila kungoja mtu. Mkewe ni mwoga. Wa pili alikuwa amekiweka kwenye friji, akacheka, akasema alitaka kukila jioni, basi tumemkosesha. Binti mmoja alinitukana kistaarabu kisha akakata. Kila aliyepokea mzima, mabega yangu yalishuka kidogo. Namba moja iliita mpaka ikajikata yenyewe. Tukapiga tena. Asali alisema anamkumbuka, bibi mtu mzima, alipiga mapema kuliko wote, mpole, aliuliza kama simu hii inalipiwa.

Mara ya tatu alipokea mwanamke mwingine, anahema. Nilijitambulisha. Alisema yeye ni mkwe, amepita kumtazama mama mkwe wake akamkuta sakafuni karibu na mlango wa choo, anatapika hajui anatapika nini. Mwana wa bibi, ambaye ni mume wa huyu mkwe, ni mmoja wa walimu waliolazwa. Ndiye aliyemletea mama yake kikasha usiku akiwa bado mzima, akakiacha mezani, akaenda zake kulala. Asubuhi hakuwa na hali ya kumpigia mtu simu. Mama alisikia habari kutoka kwa jirani, akasoma namba juu ya kifuniko, akapiga kuuliza.

"Mlimwambia asubiri," alisema yule mkwe. "Kasubiri mpaka saa nne asubuhi. Mkakaa kimya, akasema wangekuwa na neno wangesema."

Nilimwambia amlaze ubavu, asimlazimishe kula chochote, na kwamba gari la hoteli linakuja sasa hivi kuwachukua. Sikumuuliza Meneja. Dereva alikuwa anaosha madirisha ya gari, nikamwambia aache hivyohivyo na povu lake. Asali alikuwa amesikia yote. Alikuwa amekaa na mikono mapajani, anaitazama ile karatasi ya kunata. Nilitaka kumwambia kwamba si kosa lake, na nilimwambia, lakini sauti ilitoka kavu, kama nasoma.

Tamko kamili lilitoka alasiri. Lilianza kwa pole. Bwana Mkato alikuwa ameshinda, na kusema kweli hakuna aliyekuwa na hamu ya kushindana tena. Lilikuwa tamko zuri. Lilisema tunayoyajua na tusiyoyajua, lilisema jiko limefungwa, lilisema tutagharamia matibabu ya haraka bila jambo hilo kuhesabiwa kuwa ni kukiri, sentensi ambayo bima waliisoma na kuiruhusu. Rafiki yangu mmoja wa gazetini alinitumia ujumbe kunipongeza. Alisema siku hizi ni nadra kuona hoteli inazungumza kiungwana. Nikaifunga simu nikaitupa kwenye mkoba.

Nilikwenda hospitali kwa miguu. Bwana Mkato alinikuta getini, akauliza naenda wapi, nikamwambia. Alinikumbusha kwa upole kwamba huko pole inaruhusiwa. Hakunizuia. Alisimama pale akinitazama navuka barabara, mkono mmoja juu ya miwani.

Wodi ya wanawake ilikuwa imejaa. Mke wa mstaafu alikuwa karibu na dirisha, kitenge chake kipya kimekunjwa chini ya kichwa, amelala. Muuguzi alinionyesha kitanda cha pembeni. Alisema bibi alifika amekauka sana, presha iko chini, na figo za mtu wa umri ule hazitaki mchezo. Usiku wa leo watamwangalia kwa karibu, kesho ndipo watajua. Alinieleza hayo bila kujua mimi ni nani. Nilipomwambia, alinitazama mara moja, akageukia chupa ya dripu.

Bibi alikuwa mdogo kuliko nilivyomfikiria. Mkono uliokuwa na sindano ulikuwa umefungwa kwenye kipande cha kadibodi ili usikunjike. Mkwe wake alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda, kitambaa chenye maji mkononi. Hakuniinukia.

"Shikamoo, bibi," nilisema.

"Marahaba, mwanangu." Alifungua macho. "Wewe ndiye yule binti wa simu?"

Nilimwambia kwamba mimi nafanya kazi naye. Akatabasamu, midomo imepasuka. Akasema amefurahi nimekuja, maana alitaka kumshukuru yule binti. Watu wengi ukiwapigia siku hizi wanakukatia kabla hujamaliza, lakini yule alimsikiliza mpaka mwisho, akamwita mama, akamjibu vizuri sana. Alikipasha chakula mpaka kikachemka, akasema, tena akakikoroga, hakufanya uzembe. Kisha alifikiri kidogo, akatafuta pumzi.

"Nikajiambia, watu wenye adabu namna hii, chakula chao hakiwezi kuwa kibaya."

Mkwe wake aligeuza uso ukutani. Mimi nilishika chuma cha kitanda. Yule binti hakuwa na adabu yake mwenyewe kwenye simu ile. Alikuwa na yangu. Ile "asante sana" ilikuwa yangu. "Kwa uzito wake" ilikuwa yangu, na "muda si mrefu", na "tafadhali". Nilikuwa nimempikia bibi wa watu maneno laini ya kutosha hadi akayaamini, akachota wali.

"Bibi," nilisema, "yale maneno niliyaandika mimi. Yeye aliyasoma tu. Naomba radhi."

Nililisema kwa sauti ya kawaida, mbele ya mkwe, mbele ya muuguzi na yeyote mwenye masikio. Kama Bwana Mkato angekuwepo angelizungushia wekundu hewani. Bibi alinitazama kwa muda mrefu, kama mtu anayejaribu kusoma maandishi madogo bila miwani. Nilifikiri amesinzia.

"Uliyaandika wewe?"

"Ndiyo, bibi."

"Na ulikuwa unajua kuwa chakula si kizuri?"

"Tulikuwa tunakishuku. Tulikuwa bado hatujapanga namna ya kusema."

Akalifikiria hilo. Hakuwa amekasirika, hata nguvu za kukasirika hakuwa nazo. Alikuwa anashangaa tu, kama anavyoshangaa mtu mzima akiona mtoto anahangaika kufungua mlango ambao haukufungwa.

"Si ungeandika tu usile," alisema. "Ni neno fupi."

Kisha akafumba macho. Mkwe wake akachovya kitambaa kwenye bakuli, akakikamua, akampangusa midomo, na alipomaliza akanisogezea kiti kwa mguu bila kunitazama. Nikakaa.